Kungoja ndiyo biashara

Nunua kiwanja Fuoni au Tomondo, pembezoni mwa mji wa Zanzibar, leo, kizungushie ukuta, tia geti, kisha funga safari yako. Ukirudi baada ya miaka kadhaa, bei imepanda maradufu, na wewe hukupanda hata mgomba. Sasa kazi kaifanya nani?

Wachumi wana jibu la zamani. Muingereza David Ricardo aliliwekea msingi mwanzoni mwa karne ya 19, na Mmarekani Henry George akaligeuza hoja ya siasa mwaka 1879. Ukilivua joho la chuo kikuu, linasema hivi: thamani ya ardhi ya mjini huletwa na watu walioizunguka. Ni lami, transfoma, bomba la maji, skuli, na hata yule jirani aliyefungua duka. Viondoe vyote hivyo, uone kiwanja kimebaki na nini zaidi ya mawe na magugu.

Tuseme kiwanja cha pembeni mwa njia ya vumbi kina bei ya shilingi milioni 8, na njia ikitiwa lami kinafika milioni 20. Zile milioni 12 zimetokana na barabara iliyojengwa kwa fedha za umma, na muuza samaki wa Darajani ni mmoja wa waliozichanga. Milioni 12 zote zimeingia mfuko mmoja. Tena mwenye mfuko hauzi, kwa sababu anatarajia kwamba mwakani atapata 25. Viwanja vinavyouzwa vinapungua, bei inapaa, na kupaa kwake kunamvuta mwengine naye aje anunue angoje. Huu ndio ulanguzi wa ardhi, na hauhitaji mtu kuvunja sheria yoyote.

Nitajibiwa kwamba kisiwa ni kidogo na watu wanazaana. Kweli, sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na ya 2022 ikahesabu 893,169. Lakini uchache wa ardhi ni jambo moja, na uchache wa viwanja vinavyouzwa ni jambo jengine. Pita njia ya Fuoni uangalie kuta zisizo na nyumba ndani. Kijana anayetafuta pa kujenga anaziruka zote hizo, anakwenda mpaka Tunguu au Dimani, na bomba na nguzo za umeme zinalazimika kumfuata huko kwa gharama yetu sote. Njiani yanaliwa mashamba ya eka tatu ambayo wakulima waligaiwa baada ya Mapinduzi. Eka tatu, ukishatoa njia, zinatoa viwanja kama thelathini vya mita 15 kwa 20. Mkulima kauza kwa bei ya shamba. Faida ya mji kaila aliyetangulia kujua barabara itapita wapi.

Wapo wanaodhani haya hayawezi kutokea kwetu, kwa kuwa ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Kwenye karatasi, ndivyo. Sheria ya ardhi ya 1992 inampa mtu haki ya kutumia, ila haki hiyo hiyo ndiyo inayogeuzwa pesa, na dalali atakwambia bila kupepesa macho kwamba anauza minazi na msingi tu.

Wala hoja hii si ngeni hapa. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, wenye vibanda vyao lakini si ardhi iliyo chini yake, waligoma kuwalipa wenye ardhi kodi iliyokuwa ikipandishwa. Na katika fikihi inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar alimwekea muda wa miaka mitatu aliyezungushia mipaka ardhi mfu: asipoihuisha, hana haki nayo tena.

Simsemi mama wa Chake Chake aliyewawekea wanawe kiwanja kimoja. Watu wengi wanaikimbia riba ya benki, na ardhi ndiyo akiba yao. Ndiyo maana ada ya viwanja vitupu ninayoiunga mkono ingesamehe kiwanja cha kwanza, ianzie cha pili kilichokaa bure, na ipande kila mwaka kinapoendelea kukaa hivyo pahali palipokwishafikiwa na lami na maji. Fedha zake zirudi kwenye shehia ile ile, zichimbe mitaro.

Tatizo langu na pendekezo hili liko kwenye daftari. Viwanja vingi vimeuzwa kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya sheha, bila hati. Ada ikianza kesho, itampiga aliyehangaika kujisajili na kumwacha mwenye viwanja kumi vya karatasi. Kwa hivyo usajili utangulie, uwe wa bei ambayo muuza samaki anaimudu, na ramani za barabara zibandikwe ofisi ya sheha siku ile ile zinapopitishwa, kabla madalali hawajazipata.