Ripoti ya tathmini: kisomo cha kina mama Jambiani, Januari mpaka Juni 2024

Assalaam alaykum wafadhili na wadhamini wetu.

Tunaanza na lililokwenda vibaya, maana ndo limetufunza zaidi. Walojiandikisha 46, walofika mtihani wa mwisho 29. Wale 17 tumewafuata majumbani mmoja mmoja, na 12 wametujibu kitu kilekile, mwani. Darasa tuliliweka saa 3 mpaka saa 5 asubuhi, na siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakupwa saa hizohizo na mama lazma awe baharini afunge mbegu kwenye kamba na avune kabla bahari haijarudi. Ukifungua rejista unaliona, kila baada ya wiki 2 hivi siku 4 au 5 ni vistari vitupu. Akirudi wenzake washavuka, anaona haya, anaacha. Kosa ni letu, tulipanga mjini hatujamuuliza hata mmoja wao bahari inakwendaje.

Walobaki wametufurahisha sana. Wengi Qur'ani wanasoma vizuri, herufi za Kiarabu wanazijua toka chuoni utotoni, za skuli ndo hawakuzipata. Wiki za mwanzo wakiandika kulia kwenda kushoto, mpaka mwalimu akawaambia fataha ndo a, kasira ndo i, dhuma ndo u, basi darasa likafunguka. Katika 29, 21 wanasoma aya fupi na kuielewa, 8 bado wanaunganisha silabi.

Mama mmoja wa miaka 50 na kitu alituonesha daftari lake, kapiga mistari kwa rula: tarehe, kilo, bei, jumla. Anasema siku ya kupima mwani mkavu mnunuzi alitaja kilo 41, yeye akauangalia mshale mwenyewe, 47. "Hebu soma tena mwanangu." Akasoma tena, ikawa 47. Zile kilo 6 zamani zingepotea na asingejua. Kwetu hili ni kubwa kuliko maksi.

Upande wa fedha, zaka imetumika kwa daftari, kalamu na miwani za kina mama wenyewe wasio na uwezo, basi. Posho za walimu na chai zimetoka fungu la sadaka, hatujazichanganya. Vitabu tulivyonunua vya darasa la kwanza tunakiri havikufaa, mtu mzima kumsomesha picha za mpira na paka ni kumvunjia heshima.

Tunaomba awamu ijayo siku za bamvua darasa lihamie baada ya sala ya alasiri, na iongezwe posho ya mwalimu mmoja wa kuwafidia waliokosa. Wale 12 tumeshawauliza safari hii, 9 wamesema saa hiyo wanarudi darasani, na wanataka waanze na hesabu za mizani.