YAH: MAKADIRIO YA GHARAMA ZA KUWEKA VIGAE KWENYE BARAZA, ISYESYE

Fundi Ambokile
Mwanjelwa, Mbeya
12 Septemba 2025

Mama Tumaini,

Shikamoo. Picha 6 ulizonitumia kutoka Dodoma nimezipata, pamoja na vipimo alivyochukua mdogo wako. Amefanya kazi nzuri, maana ameweka futi sakafuni kabla ya kupiga picha, hivyo nimeweza kuhakikisha namba zake mwenyewe.

Baraza lina urefu wa mita 7.20 na upana wa mita 2.40, sawa na mita za mraba 17.28. Ngazi zenye upana wa mita 1.80 zinaongeza 1.89. Skating ya sentimita 10 kwenye kuta mbili, nikiutoa mlango, ni 0.86. Jumla ni mita za mraba 20.03. Nimeongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa, hasa kuzunguka zile nguzo mbili, tukafika 22. Boksi moja la vigae vya 40 kwa 40 lina vipande 12, yaani mita 1.92, kwa hiyo tunahitaji maboksi 12. Vitakavyobaki uvitunze ndani; kimoja kikipasuka baadaye, rangi ileile huenda isipatikane tena dukani.

Sasa niseme kwa nini bei yangu inaweza kuzidi ya fundi mwingine. Picha ya tatu inaonyesha alama ya maji chini ya ukuta wa sebule. Maana yake sakafu imelalia ndani, na mvua ikipigwa na upepo, maji yanatuama pale badala ya kutoka. Picha ya nne inaonyesha kizingiti cha mlango kimeinuka sentimita 4 tu. Tukitengeneza mteremko wa sentimita 1 kila mita juu ya sakafu iliyopo, pale ukutani, pamoja na kufidia ulalo uliopo, tutapanda sentimita 4.9, na kigae na gundi yake ni 1.5. Hiyo ni 6.4. Baraza litakuwa juu ya kizingiti, na mvua za Novemba zikianza maji yataingia sebuleni kwa mama.

Ndiyo maana nimeweka kubomoa sakafu ya juu. Kwenye kona iliyomeguka inaonekana ina unene wa sentimita 4 hivi. Ikiondoka, kigae kitabaki chini ya kizingiti kwa sentimita 1.6, na ule ufa wa karibu na nguzo tutauona mpaka chini. Mwaka 2019 huko Uyole nilikubali kubandika juu ya sakafu ya zamani ili kumpunguzia mwenye nyumba gharama. Kabla mwaka haujaisha vigae vilikuwa vinalia utupu, nikarudi kuving'oa. Sitaki yakukute hayo.

VIFAA
Vigae 40 x 40 vya nje, maboksi 12 kwa 34,000: 408,000
Saruji mifuko 6 kwa 19,000: 114,000
Gundi ya vigae mifuko 6 kwa 16,000: 96,000
Mchanga, kirikuu 1: 70,000
Kona za ngazi 3 kwa 12,000: 36,000
Groti kilo 6 kwa 4,000: 24,000
Usafiri kutoka Mwanjelwa: 40,000
Jumla ya vifaa: Sh 788,000

UFUNDI
Kubomoa na kutoa kifusi: 90,000
Sakafu mpya yenye mteremko: 100,000
Kupanga vigae, mita 20 kwa 10,000: 200,000
Nyongeza ya ngazi: 30,000
Jumla ya ufundi: Sh 420,000

JUMLA KUU: Sh 1,208,000

Vile vigae vinavyong'aa ulivyonionyesha sikuviweka. Ni vizuri sebuleni, lakini nje vikilowa vinateleza, na mama anapita pale alfajiri kwenye ukungu akienda kufungulia kuku. Nimechagua vyenye uso wa kukwaruza, rangi ya kijivu iliyokaribiana na ukuta wako. Picha yake nitakutumia kutoka dukani kabla sijalipia.

Kazi itachukua siku 13: siku 1 kubomoa, 1 kumwaga sakafu, 7 za kuimwagilia maji ikomae, 3 za vigae na 1 ya groti. Zile 7 naomba tusizipunguze. Wakati huo mama atumie mlango wa jikoni.

Malipo ya vifaa yatangulie. Risiti zote nitamkabidhi mdogo wako. Ufundi utalipa 210,000 sakafu ikishapimwa kwa pimamaji yeye akiwepo, na 210,000 kazi ikiisha. Kama zege la chini litakutwa limepasuka, nitasimamisha kazi, nikupigie picha na tukubaliane bei kwanza. Kigae kikibanduka ndani ya miezi 12, nakirudishia bila malipo.

Bei hizi zinasimama hadi 3 Oktoba 2025. Ukiridhia kabla ya hapo, naweza kuanza Jumatatu inayofuata, tumalize kabla ya mvua.

Msalimie Baba Tumaini.

Wako katika kazi,
Fundi Ambokile