Rekodi ya Uamuzi wa Usanifu Na. 7: PostgreSQL iwe hifadhidata kuu ya mapokezi ya maziwa

Hali: Umekubaliwa, 11 Machi 2025
Walioamua: wahandisi wanne wa timu na mhasibu wa ushirika

## Muktadha

Ushirika una wafugaji 1,860 na vituo 11 vya kukusanyia maziwa wilayani Rungwe. Karani hupima asubuhi na jioni, huingiza lita kwenye simu, na mfugaji hulipwa tarehe 15 na mwisho wa mwezi, baada ya makato ya pumba na dawa. Mtandao ukikatika, simu hutunza kumbukumbu na kuzituma tena na tena mpaka seva ijibu.

Hapo ndipo tulipoumia. Kwenye malipo ya mwisho wa Januari, wafugaji 43 waliandikiwa maziwa ya zamu moja mara mbili. Msimbo wetu ulikuwa ukitafuta marudio kabla ya kuandika, lakini maombi mawili yakifika pamoja, kila moja hutafuta, halioni kitu, na kuandika. Kumwendea mtu aliyekwisha kulipa ada ya shule ili arudishe fedha ni jambo ambalo hatutaki kulifanya tena.

Wingi wa data si hoja hapa. Mapokezi hayazidi 3,720 kwa siku, na kila hifadhidata tuliyoijadili inayamudu.

## Uamuzi

Tunahama kutoka MySQL kwenda PostgreSQL 17. Kanuni zinazolinda malipo zitakaa ndani ya hifadhidata, ili kosa la msimbo lisiweze kuzipita.

Kila pokeo hupewa `id` na simu yenyewe, kabla ya kutumwa. Pokeo lililokosewa halifutwi, bali hubatilishwa, maana mkaguzi lazima alione.

```sql
CREATE UNIQUE INDEX pokeo_moja_kwa_zamu
  ON mapokezi (mfugaji_id, siku, zamu)
  WHERE batilishwa_saa IS NULL;

INSERT INTO mapokezi (id, mfugaji_id, siku, zamu, lita)
VALUES ($1, $2, $3, $4, $5)
ON CONFLICT (id) DO NOTHING;
```

Simu ikirudia kutuma kumbukumbu ileile, `id` inafanana na seva inaipita kimya. Karani akiandika pokeo la pili la zamu hiyohiyo, `id` ni mpya, kwa hiyo faharasa inalikataa na kosa linarudi kwenye simu yake. Hali hizi mbili lazima zitofautishwe, na tofauti hiyo ndiyo iliyotuamulia.

## Mbadala tulizopima

Kubaki na MySQL. Hii ilikuwa na uzito kuliko zote: watatu kati yetu wameizoea na data ipo huko tayari. Lakini `INSERT IGNORE` humeza mgongano wa faharasa yoyote ya upekee, pamoja na makosa mengine ya data, na `ON DUPLICATE KEY UPDATE` nayo haichagui faharasa. Pokeo la pili la karani lingepotea bila yeye kujua. Pia haina faharasa ya sehemu ya jedwali kama hiyo hapo juu. Njia ya kuzunguka kwa safu ya kukokotolewa ipo, tuliijaribu ikafanya kazi, ila mhandisi mgeni asingeielewa kwa kuisoma. Jambo la tatu: mabadiliko ya muundo wa jedwali kwenye MySQL hufunga muamala papo hapo, hivyo badiliko likikwama katikati halirudi nyuma lote.

MongoDB. Ina miamala ya nyaraka nyingi tangu toleo 4.0 la mwaka 2018. Hata hivyo data yetu ni ya mahusiano tupu: mfugaji, kituo, pokeo, kato, malipo. Hatukuona tungepata nini.

SQLite kwenye seva. Huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati, na vituo 11 hutuma pamoja. Ndani ya simu inabaki.

## Matokeo

Marudio ya Januari hayawezi kuingia tena hata tukikosea kwenye msimbo. Mfugaji akileta ndoo ya pili baada ya kupimiwa, karani atabatilisha pokeo la kwanza na kuandika jumla. Ni kazi ya ziada alfajiri watu wakiwa foleni, na makarani wafundishwe kabla ya kuhama.

Ripoti 14 zitaandikwa upya. Tahadhari kubwa iko kwenye utafutaji wa majina: mpangilio wetu wa MySQL haukutofautisha herufi kubwa na ndogo, PostgreSQL hutofautisha. Anayetafuta "mariamu" hatampata "Mariamu" tusipotumia `lower()` au `ILIKE`.

Kila muunganisho ni mchakato wake kwenye seva, na kikomo cha awali ni 100. Programu itatumia 20. PgBouncer tutaiongeza tukiihitaji. `autovacuum` isizimwe na mtu yeyote. Toleo kuu hutunzwa kwa miaka mitano, kwa hiyo la 17 litahitaji kubadilishwa kabla ya mwisho wa 2029.

Tutahama tarehe 1 Aprili, malipo ya Machi yakishafungwa. Mhasibu atalinganisha jumla ya lita za kila kituo kwenye mifumo yote miwili, na MySQL itabaki ya kusoma tu hadi malipo mawili yapite bila tofauti.