Mtihani wa Statiki: Kani za Maegemeo ya Boriti

Goma. Mwaka wa tano, ufundi wa ujenzi. Mtihani wa mazoezi kabla ya Mtihani wa Taifa. Muda: saa mbili asubuhi hadi saa nne. Jumla: alama 20. Kikokotoo kinaruhusiwa, daftari haliruhusiwi.

Wanafunzi wapendwa, someni hapa kabla ya kushika kalamu. Kwa kila swali nataka kwanza mchoro: boriti peke yake, imetenganishwa na maegemeo yake, na kila kani imechorwa kwa mshale. Mchoro una alama zake, hata hesabu ikikosewa baadaye. Andikeni pia ni nukta gani mmechukua kuwa kitovu cha momenti, na upande gani wa mzunguko mmeuita chanya. Jibu lisilo na kipimo (N, kN, N·m) linapoteza nusu alama. Chukueni g = 10 m/s².

Swali la 1 (alama 4)

Chukudu imesimama kwenye barabara tambarare. Umbali kati ya gurudumu la nyuma A na la mbele B ni 1,5 m. Chukudu yenyewe ina kilo 40, na uzito wake unapita katikati ya magurudumu. Imepakiwa magunia ya viazi ya kilo 200 kwa jumla; kitovu cha uzito wake kiko 0,6 m mbele ya A.

a) Tafuta kani ambayo barabara inasukuma kila gurudumu.
b) Gurudumu la mbele limeanza kupasuka na lisibebe zaidi ya 900 N. Magunia yarudishwe nyuma sentimita ngapi?

Swali la 2 (alama 5)

Boriti AB ya 6 m ina egemeo la pini A na egemeo la rola B. Kuanzia A, kwenye urefu wa 3 m, inabeba ukuta wa mawe ya volkano unaotandaza mzigo wa 4 kN/m. Kwenye umbali wa 4 m kutoka A, nguzo ya ghorofa ya juu inaishukia kwa 24 kN. Uzito wa boriti yenyewe usihesabiwe.

a) Tafuta kani za A na B kwa momenti kuhusu A.
b) Hakikisha kani ya A kwa momenti kuhusu B, bila kutumia jibu la (a).
c) Kwa nini hakuna kani ya mlalo kwenye A, ingawa pini inaweza kuizuia?

Swali la 3 (alama 7)

Boriti ABC ya balkoni ina urefu wa 5 m. Imelala juu ya egemeo A mwanzoni na egemeo B lililo 3 m kutoka A. Sehemu BC ya 2 m inaning'inia nje. Uzito wa boriti pamoja na sakafu ni 3 kN/m kwenye urefu wote. Mwenye nyumba ameweka tangi la kuvuna maji ya mvua kwenye ncha C: lita 1000 za maji, na tangi tupu na kitako chake 2 kN.

a) Tafuta kani za A na B wakati tangi limejaa.
b) Ishara ya kani ya A inasema nini kwa fundi aliyelaza boriti juu ya ukuta bila kuifunga?
c) Tangi liwe na lita ngapi, zisizidi, ili boriti isinyanyuke kwenye A?

Swali la 4 (alama 4)

Kibao cha duka kimetundikwa kwenye ncha ya chuma cha 1,5 m kilichopachikwa ukutani. Kibao kina uzito wa 800 N, chuma 300 N. Tafuta kila kitu ambacho ukuta unakipa chuma.

---

Masahihisho (yatasomwa pamoja darasani baada ya kurudishiwa karatasi)

*Swali la 1.* Kani mbili hazijulikani. Tukichukua momenti kuhusu A, kani ya A inapita kwenye nukta yenyewe, umbali wake ni sifuri, inatoka kwenye mlinganyo. Hiyo ndiyo sababu ya kuchagua A.

```
1,5·B = 2000·0,6 + 400·0,75 = 1500
B = 1000 N
A = 2400 − 1000 = 1400 N
```

Kwa (b), weka B = 900 na umbali wa magunia uwe x: 2000x + 300 = 1350, basi x = 0,525 m. Magunia yanarudi nyuma sentimita 7,5. Wasukuma chukudu wa Goma hufanya hivyo kila asubuhi kwa macho na mikono; ninyi mnaweza kuandika namba yake.

*Swali la 2.* Mzigo uliotandazwa unageuzwa kuwa kani moja ya 4 × 3 = 12 kN, nayo inasimama katikati ya sehemu iliyobebeshwa, yaani 1,5 m kutoka A. Haisimami katikati ya boriti nzima. Kosa hili naliona kila mwaka, na linavuruga majibu yote yanayofuata.

```
Kuhusu A:  6·B = 12·1,5 + 24·4 = 114   →  B = 19 kN
           A = 36 − 19 = 17 kN
Kuhusu B:  6·A = 12·4,5 + 24·2 = 102   →  A = 17 kN
```

Mizigo yote ni ya wima, kwa hiyo hakuna kinachosukuma boriti kwa mlalo.

*Swali la 3.* Hapa ndipo nilipoweka alama nyingi, kwa sababu hapa hesabu inaweza kuokoa watu. Uzito wote wa boriti ni 15 kN, kwenye 2,5 m kutoka A. Tangi lililojaa ni 10 + 2 = 12 kN, kwenye 5 m.

```
Kuhusu A:  3·B = 15·2,5 + 12·5 = 97,5  →  B = 32,5 kN
           A = 27 − 32,5 = −5,5 kN
```

Tulichora A ikisukuma juu. Hesabu inajibu kwa ishara ya kutoa. Msifute ishara hiyo mkidhani mmekosea. Inasema A lazima ivute boriti chini kwa 5,5 kN. Ukuta ambao boriti imelalia tu hauwezi kuvuta. Boriti itanyanyuka upande wa A na kuzunguka juu ya B, na tangi litashuka pamoja na balkoni. Fundi afunge A kwa vyuma vilivyoshikwa ndani ya ukuta wenye uzito wa kutosha juu yake, au tangi lihamishiwe kati ya A na B. Mimi ningelihamisha.

Kwa (c), boriti inapokaribia kunyanyuka A ni sifuri, na sasa kitovu kizuri ni B, kwa sababu kani ya B ndiyo tusiyoihitaji. Kitovu cha uzito wa boriti kiko 0,5 m ndani ya B:

```
Kuhusu B:  2·P = 15·0,5   →  P = 3,75 kN
Maji:      3,75 − 2 = 1,75 kN  →  lita 175
```

Lita 175 kati ya 1000. Na hapo bado hakuna mtu aliyesimama kwenye balkoni.

*Swali la 4.* Egemeo lililopachikwa linazuia pia kuzunguka, kwa hiyo ukuta unatoa kani ya wima 800 + 300 = 1100 N kwenda juu, kani ya mlalo sifuri, na momenti ya 800·1,5 + 300·0,75 = 1425 N·m. Aliyeandika kani pekee na kuacha momenti anapata alama 2.