Mwongozo wa Zamu: Akaunti ya Mfanyakazi Inaposhukiwa Kutekwa

Mwongozo huu ni wa aliye zamu, ofisi ya Malindi na tawi la Chake Chake. Unahusu akaunti za Microsoft 365 za watu wa bukingi, uhasibu na uongozi. Kazi yako usiku ni mbili tu: kumtoa mgeni ndani, na kuzuia pesa za mahoteli na wenye boti zisiende kusiko. Nani kafanya na kaingiaje, hayo yatangoja asubuhi.

Dakika 15 za mwanzo: ni kweli au si kweli?

Fungua logi za kuingia za Entra, angalia siku 7 nyuma. Chunga saa. Ukurasa wa Entra huonyesha saa za hapa, lakini PowerShell na Purview hutoa UTC, nasi tuko saa 3 mbele. 23:10 UTC ya Jumatatu ni 02:10 ya Jumanne, yaani saa 8 na dakika 10 usiku. Kwenye tiketi andika 02:10 na tarehe yake. Ukiandika "saa 8" peke yake, mmoja ataisoma mchana na mwengine ataisoma 08:00, na mtiririko wote wa matukio utaharibika.

Haya hayatoshi kukata akaunti yakiwa peke yake:

- Mtu yuko Wete lakini logi inamuonyesha Dar es Salaam. Data ya simu mara nyingi hutokea kwenye intaneti kupitia huko.
- Kuingia saa 9 au 10 usiku mwezi wa Ramadhani. Watu wako macho kwa daku.
- Kifaa kipya, iwapo mwenyewe anakubali kuwa kanunua simu.

Haya ni dalili nzito, na moja tu yatosha kuendelea: njia mpya ya uthibitisho iliyoongezwa bila mwenyewe kujua, kanuni ya sanduku la barua inayoficha au kufuta barua zenye maneno kama "invoice", "malipo" au "bank", barua zinapelekwa anwani ya nje, mteja au hoteli inapiga kuuliza kwa nini akaunti ya benki imebadilishwa.

Mpigie mwenye akaunti kwa simu. Usimwandikie kwa barua pepe wala Teams, kwa sababu anayesoma huko huenda ndiye mwizi. Sema hivi:

"Assalaam alaykum. Napiga kutoka zamu ya mifumo, Malindi. Samahani kwa kukuamsha. Nataka kujua kama umeingia kwenye barua pepe ya kazi saa 8 usiku huu, na kama leo kuna ukurasa wowote uliokuomba nywila. Hukufanya kosa, nataka tuilinde akaunti."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiruke. Mtu akihisi anatuhumiwa atakana kuwa alibonyeza kiungo, nasi tutapoteza muda. Wala usimuulize nywila yake, hata kwa nia njema.

Akisema mtandao wa simu yake umepotea ghafla tangu jioni, au simu yake haipatikani ilhali yuko mjini, chukulia laini yake imehamishwa. Usiamini tena msimbo wala ujumbe wowote unaotoka namba hiyo. Aliye Pemba, muombe mkuu wa tawi amfuate kwa miguu au amtafute kwa simu ya jamaa yake.

Uamuzi

Mwenyewe anakiri aliingia na hakuna dalili nzito: funga tiketi, andika sababu.

Anakana, au hapatikani ndani ya dakika 15 na dalili nzito ipo: kata.

Akaunti ni ya uhasibu au ina mamlaka ya usimamizi, na dalili nzito ipo: kata kwanza, piga simu baadaye. Huhitaji ruhusa ya mtu. Kumfungia kwa makosa kunampotezea saa moja ya kazi, basi.

Ukiona akaunti ya msimamizi mkuu ndiyo iliyotekwa, usitumie akaunti yako ya kila siku. Chukua bahasha ya akaunti ya dharura kwenye sefu ya Malindi, mbele ya mlinzi, na andika saa uliyoifungua.

Kukata

Ingia kwa `Connect-MgGraph` na `Connect-ExchangeOnline`, kisha:

```
$u = "bukingi2@ofisi.example"
Update-MgUser -UserId $u -AccountEnabled:$false
Revoke-MgUserSignInSession -UserId $u
```

Kubadilisha nywila peke yake hakumtoi mtu aliyekwisha kuingia. Hadaa nyingi za sasa huiba kuki ya kikao baada ya mwenyewe kumaliza uthibitisho wa hatua mbili, kwa hiyo mwizi hana haja ya nywila. Hata baada ya amri hizi, tokeni aliyonayo inaweza kuishi kama saa moja au zaidi kidogo. Angalia logi tena baada ya dakika 90 kabla hujasema umemaliza.

Sasa soma alichoacha, na uhifadhi matokeo kwenye tiketi KABLA ya kufuta chochote:

```
Get-InboxRule -Mailbox $u -IncludeHidden | fl Name,MoveToFolder,ForwardTo,RedirectTo,DeleteMessage
Get-Mailbox $u | fl ForwardingSmtpAddress
Get-MgUserAuthenticationMethod -UserId $u
Get-MgUserOauth2PermissionGrant -UserId $u
```

Kanuni yenye jina la nukta moja tu, au inayohamishia barua kwenye `RSS Feeds`, karibu kila mara ni ya mwizi. Programu iliyopewa ruhusa ya kusoma barua ndiyo inayosahaulika zaidi: hubaki hata nywila ikibadilishwa, na wiki mbili baadaye tunaanza upya. Pakua na logi za kuingia usiku huohuo. Kwa leseni ya bure hubaki siku 7, kwa P1 siku 30.

Kompyuta ya mwenyewe iondolewe mtandaoni lakini isizimwe wala isisafishwe.

Pesa

Tafuta barua zilizotumwa siku 14 zilizopita zenye namba ya akaunti ya benki au ankara. Kila hoteli au mwenye boti aliyeandikiwa apigiwe simu kwa namba iliyo kwenye mkataba, si ile iliyo chini ya barua. Uhasibu usitishe malipo yote yanayohusu waliotajwa humo.

Pesa ikishatoka, mhasibu mkuu aamshwe papo hapo na apige benki kuomba kurudisha. Saa za mwanzo ndizo zenye matumaini. Kungoja benki ifunguliwe ni kumpa mwizi nafasi ya kuitoa.

Kumrudisha mwenyewe

Aje ana kwa ana, Malindi au Chake Chake, na kitambulisho. Futa njia zote za uthibitisho, sajili upya mbele yako kwa programu ya simu na si kwa SMS, weka nywila mpya, ndipo ufungue akaunti. Laini iliyohamishwa airejeshe kwanza kwenye duka la mtandao wake, na apige `*106#` kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Wa kuamshwa

Mkuu wa mifumo, namba ya ndani 204: ukishakata akaunti yoyote. Asipojibu ndani ya dakika 20, msaidizi wake, 205.

Mhasibu mkuu, 311: barua ya malipo imetumwa, hata kama pesa haijatoka.

Mkuu wa tawi, Chake Chake, 402: mwenye akaunti yuko Pemba.

Mkurugenzi, 101: akaunti zaidi ya moja, akaunti ya msimamizi, au nakala za pasipoti za wageni zimesomwa. Kuripoti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ni uamuzi wake na mwanasheria, wewe mpe orodha ya kilichosomwa na saa zake.

Polisi, 112: pesa imeibwa. SMS za kitapeli, peleka namba iliyozituma kwa 15040.

Namba za mkononi ziko kwenye karatasi ndani ya mlango wa kabati la zamu. Hazimo kwenye barua pepe kwa makusudi, na zisitiwe humo.