Mpangilio wa Chumba cha Maabara ya Kituo cha Afya (mita 6 kwa 4)

Maelekezo haya ni ya fundi mwashi, fundi bomba, fundi umeme na mkuu wa maabara. Vipimo vyote vya chumba ni vya ndani, baada ya plasta.

Sampuli huingia upande wa magharibi, taka hutoka mashariki. Kila kitu kimepangwa kulinda hilo.

Pembe ya kaskazini-magharibi ina dirisha la kupokelea sampuli, sm 60 kwa 50, linalofungukia kwenye korido. Mgonjwa haingii ndani. Makohozi hutolewa nje, hewani, kamwe si chooni wala koridoni.

Meza ya kusimamia iko ukuta wa kaskazini, urefu wote wa mita 6, kimo sm 90, upana sm 70. Kutoka dirishani: sm 120 za kupokea na kuandika namba, sm 80 za sentrifuji, sm 150 za vipimo vya damu, sm 150 za mkojo na choo, sm 100 za sinki ya rangi. Uso uwe terazo iliyosuguliwa. Vigae tusiweke, kwa sababu uchafu hujificha kwenye maungio yake. Sentrifuji isimame juu ya nguzo yake ya matofali, iachane na meza kwa sm 5 kila upande; vinginevyo mtikisiko wake husambaa kwenye meza nzima.

Slaidi ikikauka huvushwa hadi ukuta wa kusini, kwenye meza ya hadubini: mita 3, kimo sm 75, ya kukalia. Madirisha ya mashariki hayafai hapa, jua la asubuhi humpiga msomaji machoni. Majibu huandikwa kwenye meza ndogo inayofuata, kuelekea mlango wa magharibi. Katikati ya chumba pabaki wazi, hata stuli zikivutwa nyuma.

Sinki ni mbili, na zisibadilishane kazi. Ya kunawa mikono iko kando ya mlango wa magharibi, koki ya kiwiko. Ya rangi iwe na bomba la plastiki la inchi 2, kwa kuwa asidi hula chuma. Jiki isimwagwe humo hata kidogo: ikikutana na asidi ya kupaka rangi slaidi za TB hutoa gesi ya klorini, na chumba kidogo hivi hujaa haraka. Soketi ziwe sm 30 juu ya meza, mbali na sinki kwa mita 1.

Taka hukaa pembe ya kusini-mashariki, jirani na mlango wa sm 90 unaoelekea kichomea taka: ndoo nyekundu, njano na nyeusi, zenye kifuniko cha kukanyagia. Kasha la sindano hufungwa likifika robo tatu. Ndoo ya jiki ya asilimia 0.5 (jiki ya 3.5, kopo 1 kwa kopo 6 za maji) hutengenezwa upya kila asubuhi.