Ombi la dakika 20 za mazungumzo kuhusu uonjaji wa kahawa

Morogoro, 14 Aprili 2025

Shikamoo Dada Upendo,

Naitwa Salome. Ninasoma Sayansi na Teknolojia ya Chakula hapa SUA, mwaka wa mwisho, kozi ileile uliyosoma wewe. Barua pepe yako nimepewa na mwalimu wetu wa tathmini ya chakula kwa milango ya fahamu, ambaye ameniambia alikuuliza kwanza nawe ukaridhia. Nashukuru kwa hilo. Alituambia darasani kwamba mmoja wa wanafunzi wake wa zamani sasa anaonja kahawa Moshi, na tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo nadhani mtu wa kulijibu ni wewe.

Naomba tuzungumze kwa simu, dakika 20, kuhusu kazi ya kuonja kahawa inavyofanyika. Nitapiga mimi, kwa saa utakayopanga wewe.

Nitangulize jambo moja ili usome yanayofuata kwa amani. Siombi kazi wala nafasi ya mafunzo, na sijaambatanisha wasifu wangu. Siku nikitaka kazi nitaandika barua ya kuomba kazi na kuipeleka ofisini kwenu kwa utaratibu wake, bila kuipitisha mgongoni mwako. Leo natafuta kuelewa.

Nimezaliwa Mbinga, kwenye nyumba ya kahawa. Baba ana miti ya zamani aliyorithi kwa babu na michache ya chotara za TaCRI aliyopanda baadaye. Kahawa ikivunwa, tunaimenya jioni ileile kwa kinu cha mkono, inalala kwenye ndoo ichachuke, kisha inaoshwa na kuanikwa kichanjani. Kuhusu muda wa kuchachusha, nyumbani hakuna saa. Mama anatumbukiza mkono, anachota punje na kuzisugua kiganjani. Utelezi ukiwa umekwisha na punje zikikwaruzana kama changarawe, anasema tayari. Nimeona kipimo hicho maisha yangu yote na bado nakiamini.

Lakini mwaka 2021 mnunuzi mmoja alirudisha magunia manne ya baba na jibu lenyewe lilikuwa neno moja: imechacha. Hakuna aliyemweleza imechachaje, wapi, au saa ngapi zilizidi. Baba alikaa na neno hilo msimu mzima. Alibadilisha ndoo, akabadilisha maji, akapunguza muda kwa kukisia. Mimi nilikuwa sekondari, sikuwa na la kumsaidia.

Ndiyo maana mradi wangu maalumu nimeufanya juu ya uchachushaji. Agosti iliyopita nilichukua kahawa mbivu iliyomenywa jioni moja nikaigawa kwenye ndoo tatu: ya kwanza nikaiosha baada ya saa 12, ya pili saa 24, ya tatu saa 48. Zote nilizianika kichanja kimoja, na nilipozipima unyevu hapa maabara zilikuwa kati ya asilimia 11 na 12. Nikazikoboa kwa kutwanga, nikazikaanga kwenye kikaango, nikaandaa vikombe kwa vipimo vya SCA: gramu 8.25 za unga kwa mililita 150, maji ya moto wa nyuzi 93 hivi, kusubiri dakika nne kisha kuvunja ule utando wa juu kwa kijiko na kunusa.

Wanafunzi wenzangu wanane walionja bila kujua kikombe kipi ni kipi. Kikombe cha saa 12 na cha saa 24 hawakukitofautisha sana. Cha saa 48, watatu waliandika "ndimu" na kukipa alama nzuri. Wanne waliandika "siki". Mmoja hakuandika kitu. Kahawa ilipoanza kupoa, mmoja wa wale watatu alirudi kwenye karatasi yake, akafuta "ndimu" akaandika "siki". Nilikuwa nimesimama karibu naye nikiangalia, na hapo nikajua kwamba nimefika mahali ambapo vitabu nilivyonavyo havinisogezi.

Kwa hiyo swali langu kubwa ni hili: wewe unatenganishaje uchachu unaoipa kahawa alama na uchachu unaoiharibu? Unausikia kwa harufu kabla hujaweka kijiko mdomoni, au mpaka kikombe kipoe? Na ulichukua muda gani mpaka ulimi wako ukakubaliana na wa waonjaji waliokutangulia? Nina wasiwasi pia kwamba ukaangaji wangu wa kikaango haukuwa sawa kwa vikombe vyote, na kwamba sehemu ya niliyoyaona imetoka kwenye moto, haikutoka kwenye ndoo. Mtu anayekaanga sampuli kila siku ataniambia kwa sentensi mbili kama hofu hiyo ina msingi.

Jambo la pili ni la maneno, na kwa kweli ndilo linaloniwasha zaidi. Fomu za kuonjea nilizoziona zote ni za Kiingereza. Nilipojaribu kumsimulia baba matokeo yangu kwa simu nilikwama. Kiswahili kinatupa uchachu, ukakasi, ukali, uchungu, na kila mkulima anayajua kwa ulimi wake mwenyewe, ila sina hakika kama ninaposema "uchachu" yeye hasikii "kuchacha", yaani lile lile neno lililorudisha magunia yake. Ninyi mnapokutana na wakulima wa vyama vya msingi, mnawaambia nini? Kuna maneno mmekubaliana, au kila mwonjaji ana yake? Hata ukinitajia matatu tu unayoyatumia, nitashukuru sana.

Sitauliza habari za wateja wenu, bei, wala jambo lolote la ndani ya kampuni. Na utakayoniambia sitayaweka kwenye ripoti ya mradi, wala kutaja jina lako, bila kukutumia kwanza kile nilichoandika ukisome.

Nimeandika sasa makusudi, kwa kuwa msimu ukianza najua meza zenu hujaa sampuli. Baada ya Pasaka, kuanzia Jumanne tarehe 22 Aprili hadi Ijumaa tarehe 9 Mei, niko huru kila siku baada ya saa kumi jioni, na Jumamosi siku nzima. Kama saa yako nzuri ni nyingine kabisa, hata alfajiri, niambie tu, nitajipanga. Na kama simu ni ngumu, sauti fupi ya WhatsApp ikijibu hilo swali la kwanza peke yake itanitosha.

Najua pia una kazi na familia, na mwalimu alivyokuuliza huenda hukujua ombi lenyewe lina urefu gani. Ukiona halifai, usipate shida ya kutafuta maneno ya kunikatalia. Nisipopata jibu nitaelewa kwamba nafasi haikupatikana, na sitaandika tena wala kupitia kwa mwalimu.

Nimebakiza gramu 200 hivi za kila ndoo, mbichi, zimefungwa na kuandikwa saa zake. Sikutumii bila ruhusa yako, maana huo ungekuwa mzigo mwingine. Nimezitaja tu kwa sababu kama katika mazungumzo utataka kuniambia nirudie jambo fulani kwa namna nyingine, bado ninazo za kurudia.

Mwalimu anakusalimu sana. Anasema kile kiti cha karibu na dirisha la maabara bado kipo.

Asante kwa kusoma, dada.

Mdogo wako,
Salome